Binti Anapokataa Kula

Wazazi wapenzi, binti akikataa chakula kwa kuogopa kunenepa, hata akakonda vibaya, tusidhani ni ukaidi. Ni ugonjwa uitwao anoreksia. Mwaka 1987 waganga wa hospitali ya Maudsley, London, walionyesha kwamba vijana waliougua kwa muda usiofika miaka 3 walipona vema zaidi wazazi walipoongoza ulishaji.

Matibabu yana hatua 3, chini ya uangalizi wa mganga. Kwanza, wazazi ndio wapakuao chakula na kukaa naye hadi amalize. Tuseme binti wa Yahuma, mwenye miaka 14, anabakiza nusu ya wali na sombe. Mama hamgombezi, humwambia, “Mwanangu, chukua tonge jingine.” Baba naye husema vilevile, kwani mmoja akilegea, ugonjwa hupenya hapo. Uzito hupimwa kila juma.

Uzito ukikaribia kuwa wa kawaida, naye akila pasipo ugomvi, ndiyo hatua ya pili: hurudishiwa uamuzi kidogo kidogo, tuseme kwanza chakula cha asubuhi. Uzito ukishuka, wazazi hushika tena usukani. Katika hatua ya tatu huzungumzwa mambo ya ujana wake.

Lakini akizimia, au moyo ukipiga chini ya mara 50 kwa dakika, tumpeleke hospitali mara moja.