Takriri, balagha na utatu: Jinsi ya kuchambua kifungu cha hotuba

WANAFUNZI wengi wakipewa kifungu cha hotuba huandika, 'Msemaji ametumia takriri, maswali ya balagha na orodha ya mambo matatu,' kisha huweka kalamu chini. Jibu hilo limetaja mbinu tu, wala halijaeleza zinamfanyia nini msikilizaji. Uchambuzi huanzia hapo wao wanapoishia.

Hebu tuchunguze kifungu hiki, tulichokitunga kwa ajili ya makala haya. Msemaji ni mwaniaji wa kiti cha udiwani katika mkutano wa kampeni:

"Miaka mitano tulisubiri maji, hayakuja. Miaka mitano tulisubiri barabara, haikuja. Miaka mitano tulisubiri daktari, hakuja. Je, sisi si Wakenya? Je, kodi yetu haina thamani? Nani kati yenu yuko tayari kusubiri miaka mitano mingine? Nipeni kura zenu, nami nitaleta maji, nitaleta barabara, nitaleta heshima."

Tuanze na takriri. Maneno 'miaka mitano tulisubiri' yanajitokeza mara tatu, kila mara mwanzoni mwa sentensi. Mchambuzi asitazame kile kinachorudiwa pekee, bali pia kile kinachobadilika. Hapa kinachobadilika ni nomino: maji, barabara, daktari. Kwa kuwa nomino hizo ni za ngeli tofauti, kitenzi cha mwisho nacho kinabadilika: hayakuja, haikuja, hakuja. Sikio linapata mdundo ule ule bila kuchoshwa na neno lile lile. Kufikia sentensi ya tatu, hadhira inaweza kumalizia 'hakuja' pamoja na msemaji. Wanaomalizia sentensi ya mtu mara nyingi hujihisi wamekwisha kukubaliana naye.

Yafuatayo ni maswali. Si sahihi kusema kwamba swali la balagha ni swali lisilo na jibu. Jibu lipo, na kila mtu analijua; ndiyo maana msemaji hangoji alisikie. Maswali mawili ya kwanza yako katika hali ya kukanusha, nayo yanamsukuma msikilizaji akubali: 'Sisi ni Wakenya, kodi yetu ina thamani.' Swali la tatu lina hila zaidi. Jibu lake ni 'hakuna', lakini ndani yake mmefichwa dai ambalo halijathibitishwa, yaani kwamba asiyempigia kura mwaniaji huyu atasubiri miaka mitano mingine. Njia ya kulifichua ni kuligeuza swali liwe kauli ya kawaida, kisha kuuliza iwapo kauli hiyo ina ushahidi. Kifungu hiki hakitoi ushahidi wowote.

Mbinu ya tatu ni utatu. Vitu viwili husikika kama jozi. Cha tatu huleta hisia kwamba orodha imetimia, na ndicho kinachobaki masikioni. Mfano maarufu ni hotuba ya Mwalimu Julius Nyerere ya Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera. Alitaja mambo matatu waliyokuwa nayo Watanzania, yaani uwezo, sababu na nia ya kumpiga adui. Likiondolewa moja, hoja inayumba: mwenye uwezo na nia bila sababu ni mchokozi, na mwenye sababu na nia bila uwezo anajidanganya. Kila jambo limebeba mzigo wake.

Je, utatu wa mwaniaji wetu unapita mtihani huo? Malalamiko yalikuwa maji, barabara na daktari. Ahadi ni maji, barabara na heshima. Daktari ametoweka, na nafasi yake imetwaliwa na heshima, neno tamu lisiloweza kupimwa wala kudaiwa. Kwa vile mdundo umekamilika, hadhira inayoshangilia huenda isigundue pengo hilo. Tena nafsi imebadilika: waliosubiri ni 'sisi', lakini atakayeleta ni 'mimi'. Hakutaja fedha wala tarehe.

Hata hivyo, si kila urudiaji ni takriri. Huenda neno limerudiwa kwa sababu msemaji hakuwa na neno jingine, au orodha ina vitu vitatu kwa kuwa mambo yenyewe ni matatu. Kipimo ni kuiandika upya sentensi bila mbinu hiyo. 'Tulisubiri maji, barabara na daktari kwa miaka mitano bila mafanikio' ina habari zile zile, lakini uchungu umepungua na hakuna anayeweza kuitikia. Tofauti baina ya sentensi hiyo na zile tatu za awali ndiyo kazi ya takriri, na ndiyo ambayo mwanafunzi anapaswa kuieleza katika jibu lake.