Makofi Yanayokatika Katikati

Usiku wa Oktoba 24, 1962, James Brown alipanda jukwaa la Apollo Theater pale Harlem, New York, na onyesho zima likarekodiwa kwa fedha zake mwenyewe, maana kampuni yake ya santuri haikuona faida ya kurekodi nyimbo ambazo watu walikwisha kuzinunua. Albamu ilitoka mwaka 1963 na ikauzwa sana. Anayeisikiliza hasikii nyimbo peke yake. Anasikia ukumbi: mayowe, makofi, bendi inayorukia wimbo mwingine kabla ule wa kwanza haujapoa. Kwenye santuri, sindano ilifuata mfereji mmoja tangu mwanzo wa upande hadi mwisho wake, kwa hiyo mayowe hayo hayakukatika ila pale msikilizaji alipoinuka kugeuza.

Igeuze albamu kama hiyo kuwa faili za MP3, kila wimbo na faili yake, kisha uicheze kwa programu ambayo haikuandaliwa kwa kazi hiyo. Wimbo unakwisha, mayowe yamepanda, halafu ghafla yanazimika. Kimya. Kabla hujakunja uso yameanza tena. Pengo lenyewe ni fupi, lakini sikio hulidaka mara moja, kwa sababu ukumbi uliojaa watu haunyamazi kwa mkupuo mmoja.

Kimya hicho hakikutoka Harlem. Kimezaliwa baadaye, na wazazi wake wanaweza kuwa wawili: muundo wa faili au programu inayoicheza. Watu wengi huwachanganya, ndiyo maana hubadilisha simu, wakabadilisha spika, na pengo likabaki palepale.

Tuanze na muundo. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. MP3 haibani sampuli moja moja; huzifunga kwa mafungu ya sampuli 1,152, na kila fungu, liitwalo fremu, huchukua takriban milisekunde 26. Hakuna nusu fremu. Ikiwa wimbo umekwisha katikati ya fremu, programu inayobana hujaza nafasi iliyobaki kwa kimya ili fremu itimie.

Mwanzoni nako kuna kimya. Hesabu zinazotumiwa kubana sauti hufanya kila kipande kilalie sehemu ya kipande kilichotangulia, kama makuti ya paa yanavyolaliana. Kipande cha kwanza hakina cha kukilalia, basi hutangulizwa kimya ili hesabu ipate pa kuanzia. Kwa hiyo kila faili ya MP3 huanza kuchelewa kidogo na huisha na mkia usiokuwamo kwenye rekodi.

Kwa mfano, chukua wimbo wa dakika 5 kamili kutoka kwenye CD. Una sampuli 13,230,000. Ubane kwa LAME, programu huria ambayo kwa miaka mingi imekuwa tegemeo la watengenezaji wa MP3. Kwa kawaida LAME hutanguliza sampuli 576 za kimya. Ukijumlisha hizo na wimbo wenyewe, hesabu haigawanyiki sawasawa kwa 1,152, na LAME hupenda kuacha mkia wa kutosha ili sauti ya mwisho isipotee wakati wa kufunguliwa. Mwishoni huongeza sampuli 1,296. Faili inatoka na fremu 11,486, yaani sampuli 13,231,872. Imezidi wimbo halisi kwa sampuli 1,872, ambazo ni kama milisekunde 42.

Milisekunde 42 kwenye hotuba hazisumbui mtu. Kwenye ngoma inayopiga kwa mwendo mmoja, ni kujikwaa kunakosikika wazi.

Tatizo lingekuwa dogo kama faili ingesema wimbo halisi unaanzia wapi na kuishia wapi. Waliounda MP3, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, hawakuweka mahali pa kuandika jambo hilo. Walikuwa na shida kubwa zaidi mkononi: kuifanya sauti ipite katika nyaya za simu na diski za wakati ule. Programu ya kucheza inapofungua faili huona fremu tu, na haiwezi kujua ni kimya gani cha mwanamuziki na ni kipi cha kujazia.

Watengenezaji wa LAME walipata njia ya mkato nzuri. Fremu ya kwanza ya faili haibebi muziki. Hubeba maelezo, na ndani yake kuna namba mbili ndogo: kimya kilichotangulizwa na kimya kilichoongezwa mwishoni. Katika mfano wetu ni 576 na 1,296. Programu inayofungua MP3 nayo huchelewesha sauti kwa sampuli 529, kwa hiyo programu inayojua kazi hutupa sampuli 1,105 za mwanzo na 767 za mwisho. Zinazobaki ni 13,230,000, bila kupungua wala kuzidi hata moja. Programu isiyoijua fremu hiyo ya maelezo huweza kuicheza kana kwamba ni muziki, na hapo pengo huongezeka milisekunde 26 nyingine.

Anayetaka kujua kama faili zake zina maelezo hayo anaweza kutumia kompyuta yenye ffmpeg, akaandika:

```
ffprobe wimbo.mp3
```

Katika mstari wa muda wa faili, atafute neno `start`. Likifuatiwa na 0.025057, maelezo yapo: hizo ni sampuli 1,105 zilizogeuzwa kuwa sekunde. Likifuatiwa na sufuri tupu, huenda faili ilibanwa na programu nyingine, au imekatwakatwa na mtu ambaye hakujali fremu ya kwanza.

Miundo iliyokuja baadaye ilijifunza kutokana na shida hii. AAC hujaza kimya vilevile, tena faili zinazotoka kwenye programu ya Apple hutanguliza sampuli 2,112, lakini idadi hiyo huandikwa ndani ya faili. iTunes ilianza kucheza bila pengo mwaka 2006, katika toleo la 7. Opus na Vorbis hutaja mwanzo na mwisho halisi katika muundo wenyewe. FLAC na WAV hazihitaji ujanja wowote: sampuli zilizoingia ndizo zinazotoka.

Hiyo ndiyo sababu FLAC ni shahidi mzuri wa kumpata mkosaji wa pili. Chukua nyimbo mbili zinazofuatana, zitoe kwenye CD zikiwa FLAC, kisha uzicheze kwa programu ileile ya simu. Pengo likitoweka, kosa lilikuwa kwenye MP3. Likibaki, programu ndiyo yenye kosa, na kubadilisha faili ni kupoteza muda.

Programu nyingi hukosea kwa namna moja. Husubiri wimbo ukwishe kabisa, hufunga njia ya sauti, hutafuta faili inayofuata, huifungua, kisha hufungua njia ya sauti upya. Pengo la aina hii si la milisekunde 42 daima: hubadilika kila mara, huwa refu zaidi simu ikiwa na shughuli nyingi, na linaweza kufika nusu sekunde. Programu nzuri huanza kufungua faili ya pili wakati ya kwanza bado inalia, na kuimwaga sauti yake katika mkondo uleule pasipo kuufunga. Android iliwapa watengenezaji wa programu njia rasmi ya kufanya hivyo tangu toleo la 4.1, mwaka 2012, lakini si wote walioitumia. Hata programu nzuri inaweza kukwama faili moja ikiwa ya sampuli 44,100 kwa sekunde na inayofuata ikiwa ya 48,000, maana huenda kifaa kikalazimika kupangwa upya katikati.

Kuna pia kitufe cha kupishanisha nyimbo, ambapo mwisho wa moja hufifia huku mwanzo wa nyingine ukipanda juu yake. Wengi hukiwasha wakidhani ndiyo dawa. Siyo. Kinaficha pengo kwa kula sekunde kadhaa za muziki halisi, na katika albamu ya jukwaani makofi husikika yakijirudia juu ya makofi. Kizimwe.

Vitabu vya kusikiliza vina kisa chao. Kati ya sura na sura, kimya kidogo hakimkeri mtu; msomaji mwenyewe hupumua pale. Kero huja kitabu kinapokatwa vipande vya dakika tatu au tano, kama ilivyokuwa desturi katika CD nyingi ili msikilizaji apate pa kurudia kwa urahisi. Hapo pengo huweza kuangukia katikati ya sentensi. Dawa yake ya kudumu ni kuviunganisha vipande kuwa faili moja, na hapa wengi huteleza. Kuzigandisha faili za MP3 mwisho kwa mwanzo bila kuzifungua hakuondoi kimya. Vijazio vyote hubaki ndani, sasa vikiwa vimefichwa mahali ambapo hakuna programu itakayovitambua. Ni lazima sauti ifunguliwe, vijazio vitupwe, kisha ibanwe tena:

```
ffmpeg -i 01.mp3 -i 02.mp3 -filter_complex "[0:a][1:a]concat=n=2:v=0:a=1" -c:a aac -b:a 64k kitabu.m4b
```

Amri hiyo ni ya vipande viwili. Vikiwa vitatu, ongeza faili ya tatu, uandike `[2:a]`, na `n` iwe 3. Kubana mara ya pili hupunguza ubora kidogo, jambo ambalo sauti ya msomaji mmoja hulivumilia kuliko bendi yenye tarumbeta. Kwa muziki, afadhali kurudi kwenye CD na kutoa FLAC upya. Anayetaka MP3 bado anaweza kuzibana faili zote za albamu kwa pamoja, kwa amri ya `lame --nogap` ikifuatwa na majina yao. Nafasi ya mwisho wa wimbo hujazwa kwa sauti ya wimbo unaofuata badala ya kimya.

Mapengo mengine hayaondoki kwa amri yoyote. Nyimbo nyingi za dansi za Kongo na Afrika Mashariki zilitolewa kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa nyuma, kwa kuwa upande mmoja haukutosha. Mara nyingi fundi alififisha sauti mwisho wa upande wa kwanza. Nyimbo hizo zinapotolewa upya zikiwa zimenakiliwa kutoka kwenye santuri, mkato huo ni sehemu ya rekodi yenyewe, na muziki uliofifishwa hapo haurudi isipokuwa apatikane mtu mwenye utepe wa awali wa studio.