Risiti Moja au Malipo ya Wiki Nzima?

Chukua jedwali la malipo lenye rekodi milioni 20 ndani ya PostgreSQL. Mteja analalamika kwamba pesa zake hazionekani, na mhudumu anaandika namba ya risiti: QK7731. Bila faharasa, mashine italipitia jedwali lote ili impatie rekodi hiyo moja. Faharasa inaweza kuundwa kwa heshi au kwa mti:

```sql
CREATE INDEX ON malipo USING hash (risiti);
CREATE INDEX ON malipo USING btree (risiti);
```

Heshi huipitisha namba ya risiti kwenye kanuni ya hesabu na kupata namba ya biti 32, ambayo ndiyo huelekeza rekodi itafutwe kwenye ndoo ipi. Safari ni fupi. Risiti mbili tofauti zinaweza kutoa namba ileile, kwa hiyo PostgreSQL huifungua rekodi yenyewe na kuhakikisha kabla ya kujibu.

Mti, uliobuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight wakiwa Boeing, hupanga funguo kwa mfuatano. Tuseme kila ukurasa unabeba funguo 300. Ngazi mbili zinafikia funguo 90,000. Ya tatu inafikia milioni 27. Kwa hiyo risiti yetu inapatikana kwa kusoma kurasa tatu, na za juu kwa kawaida zimekwisha kukaa kwenye kumbukumbu ya mashine. Hapo ndipo sifa za heshi zinapopungua: kasi inayozidi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Sasa meneja anataka malipo ya wiki moja:

```sql
SELECT * FROM malipo
WHERE tarehe BETWEEN '2024-03-01' AND '2024-03-07';
```

Mti kwenye safu ya tarehe unashuka hadi Machi 1, kisha unasogea kulia ukurasa kwa ukurasa, maana kurasa za chini zimeunganishwa na jirani zao, hadi Machi 7 inapokwisha. Heshi hapa haina msaada wowote. Machi 1 na Machi 2 zimetupwa kwenye ndoo zisizohusiana, na PostgreSQL haitaigusa kabisa faharasa hiyo. Weka `EXPLAIN` mbele ya swali; ukiona `Seq Scan`, jedwali lote linasomwa.

Heshi ina udhaifu mwingine. Ukiiweka kwenye safu ya hali ya malipo, yenye maneno mawili matatu tu, mamilioni ya rekodi yatarundikana kwenye ndoo moja na kurasa za ziada zitafuatana kama mkia. Tena, kabla ya toleo la 10 la mwaka 2017, faharasa za heshi za PostgreSQL hazikuandikwa kwenye kumbukumbu ya mabadiliko, hivyo mashine ikizimika ghafla zilihitaji kujengwa upya.

Nafasi ya heshi ni pale ufunguo unapokuwa mrefu, kama anwani ya tovuti, na swali likawa la usawa tu, kwa sababu huhifadhi namba fupi badala ya maandishi yote. Kwingineko, weka mti.