Sharti la jana, tokeo la leo: -nge- au -ngali-?

Zoezi la kugeuza sentensi latoa: *Asha alipoteza ufunguo jana, kwa hiyo sasa yuko nje.* Wengi hujibu: *Asha asingalipoteza ufunguo jana, sasa asingekuwa nje.* Maana yaeleweka, lakini sarufi ya shuleni hutaka kiambishi kimoja pande zote mbili. Kuweka *-ngali-* kotekote huleta ulinganifu, ila tokeo husomeka kama jambo lililopita. Neno *sasa* pekee ndilo hulizuia. Bora *-nge-* ibaki pande zote, na wakati uliopita ubebwe na kitenzi cha pili chenye *-me-*: *Asha asingekuwa amepoteza ufunguo jana, sasa asingekuwa nje.* Sentensi ya awali ilikuwa yakinishi kotekote, ndiyo maana pande zote zimekanushwa.