Alternata Iko Rafuni, Fedha Bado Iko Mfukoni

Katika maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, filta za oili na brekipedi hazikai. Zinaingia asubuhi, jioni zimepungua. Alternata ya gari lisilo la kawaida ni habari nyingine: huweza kukaa miezi minane ikingoja mteja mmoja. Mwenye duka hawezi kuacha kuwa nayo, kwa sababu fundi akiikosa mara mbili huhamishia hata manunuzi ya filta kwa jirani. Lakini akiinunua, fedha yake inalala.

Njia mojawapo ni kumwomba msambazaji aweke kipuri hicho dukani kikiwa bado mali yake, alipwe kitakapouzwa. Hii si mali kauli ya kila siku. Kwenye mali kauli, mzigo ukishashushwa deni ni la mwenye duka, uuzike usiuzike, na siku ya kulipa ikifika simu inaita. Hapa deni linazaliwa mteja anaponunua, na kisichouzika kinarudi ghalani.

Msambazaji naye ana hesabu zake, na hapa ndipo maombi mengi yanapokwama. Mwenye duka huenda na kilio cha mtaji mdogo, wakati mwenzake anataka kujua atapata nini. Ombi lenye nguvu huanza na bidhaa zinazotoka haraka: duka litanunua kwake filta na brekipedi zote kwa fedha taslimu, naye ataweka alternata, rejeta na pampu za usukani ambazo hata ghalani kwake zimekaa tu. Kwake yeye kipuri kilichohama ghala kwenda kwenye rafu inayoonwa na mafundi kimekaribia kuuzwa. Kumtaka achukue pia mabaki ya zamani ambayo duka lilishayanunua ni kuharibu mazungumzo. Hilo ni jambo la siku nyingine.

Mara nyingi msambazaji atakubali kwa kuongeza bei kidogo. Je, inalipa? Tuseme alternata inauzwa kwa duka shilingi 300,000, na kwa mpango huu anaongeza asilimia 5, yaani shilingi 15,000. Duka linakopa benki kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, sawa na asilimia 1.5 kwa mwezi. Alternata iliyonunuliwa ikikaa miezi minane imekula riba ya shilingi 36,000, hivyo nyongeza ya 15,000 ni nafuu kubwa. Ikiuzwa ndani ya mwezi mmoja, riba ni shilingi 4,500 tu, na aliyekubali nyongeza amepoteza. Mpaka kati ya hali hizo mbili ni miezi mitatu na siku kama kumi. Ndiyo maana kabla ya kuandika barua, mwenye duka apitie daftari la mauzo la mwaka mzima na kuona kila kipuri hukaa muda gani. Kinachotoka chini ya miezi mitatu akinunue mwenyewe.

Makubaliano yaandikwe, hata kama wawili hao wamefahamiana miaka mingi. Karatasi itaje kila kipuri, idadi yake ya juu, bei, siku ya kuhesabu kila mwezi, siku ya kulipa baada ya ankara, na nani anabeba hasara ya wizi au moto. Kwa kawaida duka hubeba kilichopotea mikononi mwake, kwa hiyo bima ithibitishwe kwamba inagusa mali ya mtu mwingine.

Muda wa kurudisha unahitaji jicho kali zaidi. Sheria za mauzo ya bidhaa za Tanzania na Kenya zinasema bidhaa iliyotolewa kwa masharti ya kuuza au kurudisha huwa ya mpokeaji akipitisha muda uliowekwa bila kutoa taarifa ya kuikataa, isipokuwa pande hizo zimekubaliana vinginevyo. Wasambazaji wengine huandika wazi kwamba baada ya siku 180 kipuri kimenunuliwa. Sentensi hiyo moja inarudisha mzigo ule ule mgongoni mwa duka. Bora iandikwe kwamba siku hiyo ikifika msambazaji anakichukua na kuleta kingine.

Mipango hii huvunjika hasa kwenye droo ya fedha. Alternata inauzwa Jumanne, fedha inalipia kodi ya fremu Jumatano, na siku ya kuhesabu rafu ina pengo lisilo na malipo. Mwenye duka makini hutenga gharama ya msambazaji siku ile ile, na hubandika lebo ya rangi yake kwenye kila kipuri. Lebo, pamoja na orodha iliyosainiwa, inamsaidia pia msambazaji: duka likifilisiwa na dalali wa mahakama akaja, mwenye mali ana cha kuonyesha.

Kwa kuanzia, vipuri kumi kwa miezi sita vinatosha. Hesabu za mwezi wa kwanza na wa pili zikilingana, msambazaji mwenyewe ataanza kuuliza ni kipi kingine mafundi wanakitafuta na hawakipati.