Aya ya Mwisho Si Kibwagizo

Makala iliyokuwa mezani kwangu ilieleza namna ya kuhifadhi mahindi katika mifuko isiyopitisha hewa, na mwandishi wake alikuwa bwana shamba aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi. Alieleza jinsi mifuko miwili ya nailoni inavyokaa mmoja ndani ya mwingine, yote ndani ya kiroba, na kila mmoja ukafungwa peke yake. Wadudu waliomo wanatumia hewa iliyobaki mpaka inawaishia na kufa, hata yule dumuzi ambaye wakulima wengi wanamwita skania. Akaeleza kukausha, kupima ukavu kwa chumvi, kukagua matundu, kufunga, na kupanga juu ya chaga. Niliisoma bila kusimama. Kisha nikafika mwisho:

“Kwa kuhitimisha, tumeona umuhimu wa kuhifadhi mahindi vizuri. Tumeona kwamba mahindi yakaushwe, yapimwe, yapepetwe, mifuko ikaguliwe matundu, ifungwe barabara na iwekwe juu ya chaga mbali na ukuta. Hivyo basi, wakulima wanashauriwa kuzingatia kanuni bora za uhifadhi, na serikali pamoja na wadau wengine waendelee kutoa elimu ili kupunguza upotevu wa chakula.”

Hakuna neno la uongo hapo. Hata hivyo, nilipoifunika aya hiyo kwa kiganja na kuisoma makala bila hiyo, sikukosa kitu. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza cha hitimisho, na kinafanyika kwa sekunde chache: lifunike, kisha jiulize msomaji amepoteza nini. Akiwa hajapoteza chochote, ujue umemsomea orodha ya vitu alivyotoka kuvisoma sasa hivi.

Tabia hii tumeitoa darasani. Tulifundishwa kwamba insha ina utangulizi, kiini na hitimisho, na wengi tulielewa kuwa hitimisho ni mahali pa kumthibitishia mwalimu kwamba hatujasahau tulichoandika. Mwalimu anasahihisha, kwa hiyo anataka kuona. Msomaji wa gazeti hasahihishi. Amekaa na mahindi yake sebuleni, anataka kujua afanye nini nayo.

Washairi wetu walilitenganisha jambo hili zamani, na wakalipa majina mawili. Mshororo wa mwisho wa ubeti ukirudiwa vilevile ubeti baada ya ubeti, huitwa kibwagizo. Ukiwa unabadilika kila ubeti, ukabeba maana yake na kuufunga ubeti huo, huitwa kiishio. Kibwagizo kina raha yake kwa sababu hadhira inakipokea na kukiimba. Ila makala haina wa kuipokea. Aya yake ya mwisho inapaswa kuwa kiishio.

Nilimpigia simu bwana shamba. Kabla sijamaliza salamu akaniuliza, “Mhariri, hitimisho lina tatizo gani? Nimegusa kila kitu.”

“Ndilo tatizo lenyewe, bwana shamba. Hebu niambie, jirani yako akikusimamisha njiani na mzigo kichwani, hana muda, akakuuliza umeandika nini, utamjibuje?”

Hakufikiri hata kidogo. “Nitamwambia mfuko haukaushi mahindi. Watu wanadhani ukishanunua mfuko umemaliza.”

Sentensi hiyo haikuwamo katika aya yake ya mwisho. Ilikuwa imejificha katikati ya makala, nusu ya mstari. Lakini ndiyo iliyobeba makala nzima: kwa nini tukaushe kwanza, kwa nini tupime, kwa nini mtu anafungua gunia baada ya miezi mitatu akakuta wadudu wamekufa na mahindi yameota ukungu. Muhtasari wa makala ni sentensi ya namna hiyo. Kwake, mambo sita yaliyotajwa ni matawi, nayo ndiyo shina. Ukiyataja matawi yote tena umerudia, ukilitaja shina umejumlisha, na msomaji atayakumbuka matawi mwenyewe.

Namna ya kuipata ni ileile ya jirani wa njiani. Funga daftari au kompyuta, usiangalie ulichoandika, kisha sema kwa mdomo sentensi moja. Usiiandike kwanza, isema, maana kalamu ina tabia ya kurudi kwenye orodha. Halafu irudie aya yako ya kwanza uone kama sentensi hiyo inajibu swali ulilolifungua kule. Bwana shamba alianza makala yake kwa mkulima aliyenunua mifuko na bado akapoteza mahindi. Jibu lake, kwamba mfuko haukaushi, lilikaa sawasawa na mwanzo huo. Kama visingeoana, mara nyingi si mwisho unaoharibu; mtu alianza na swali moja akajikuta ameandika jibu la swali jingine, na hapo inabidi kurudi kuutengeneza mwanzo.

Baada ya shina inakuja hatua, na hapa ndipo waandishi wetu wengi wanapoteleza. Tazama tena ile aya: “wakulima wanashauriwa”, “serikali na wadau waendelee”. Wanashauriwa na nani? Na nani atainuka kitini baada ya kusoma neno wadau? Nimesoma maneno hayo mwishoni mwa makala za malaria, za mikopo, za usafi wa masoko, na ukiyahamisha kutoka moja kwenda nyingine hayakatai. Mwisho unaoweza kuhamia makala nyingine bila kubadilishwa neno haujaandikwa bado.

Bwana shamba alikuwa na mambo sita ya kumwambia mkulima afanye. Mwisho wa makala hauwezi kuyabeba yote sita, kwa sababu mtu aliyepewa kazi sita kwa mkupuo huanza na ile rahisi, au haanzi kabisa. Tukalazimika kuchagua moja. Kukagua matundu ni muhimu, lakini anayekagua ameshanunua mfuko. Kupanga juu ya chaga kunakuja baadaye zaidi. Kukausha ni kazi ya siku kadhaa, na mkulima anaweza kuamini kwamba ameshaimaliza. Kupima kwa chumvi kulizishinda nyingine zote: kunatangulia kununua mfuko, vifaa vyake vimo jikoni, na jibu linapatikana kwa robo saa. Zaidi ya hayo, jibu lenyewe linamwambia mtu la kufanya baadaye, hivyo hatua moja inavuta ya pili bila sisi kuiandika.

Kipimo chenyewe kilikuwa kimeelezwa vizuri katikati ya makala. Unachukua chupa kavu yenye kifuniko, unatia punje za mahindi kiasi cha theluthi yake, unaongeza chumvi kavu kidogo, unatikisa, unaiacha itulie kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Maelezo hayo yalipaswa kubaki hukohuko katikati. Hatua ya mwisho inamkumbusha msomaji kitu anachokijua tayari. Ikihitaji maelezo mapya, basi si mwisho tena, ni sehemu ya kiini iliyochelewa.

Nikamwandikia rasimu na kumtumia:

“Mfuko usiopitisha hewa unaua wadudu, lakini haukaushi mahindi. Kwa hiyo kabla hujaenda dukani, leo usiku chukua chupa na chumvi ufanye kile kipimo. Chumvi ikiganda, yarudishe mahindi juani. Isipoganda, nunua mifuko ufunge.”

Niliipenda. Ilikuwa fupi, ilikuwa na shina, ilikuwa na hatua moja.

Kabla sijaendelea na alichonijibu, niseme kwamba si kila andiko linataka mwisho wa namna hii. Habari ya kawaida ya gazetini haina hitimisho: zito linatangulia, na mhariri akikosa nafasi anakata kutoka chini, kwa hiyo ukiweka shina mwishoni litakatwa nalo. Hotuba, mawaidha na kipindi cha redio navyo ni tofauti. Msikilizaji hawezi kurudisha ukurasa, hivyo kumrudishia mambo makuu ni kumsaidia. Vilevile kipimo cha dawa ya kunyunyizia, au onyo la hatari, nitalirudia mwishoni bila kusita, maana madhara ya kulisahau ni makubwa kuliko uchovu wa kulisoma mara mbili. Kwa makala ya maelezo, iliyochapishwa na inayoweza kusomwa tena, sababu hizo hazipo.

Jioni bwana shamba akanipigia. Sauti yake haikuwa na furaha.

“Mhariri, hapo mwisho umeniponza. Nimeandika kwenye makala kwamba chumvi inaganda unyevu ukizidi asilimia 15. Mahindi ya kufungwa yanatakiwa yawe na 13.5 au chini yake. Kati ya hapo na hapo chumvi haikuambii kitu. Wewe umemwambia mtu ‘isipoganda, funga’. Atafunga mahindi ya 14.”

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimesoma sentensi hiyo saa chache tu zilizopita. Nilipokuwa nafupisha, nililiona sharti lake kama neno la ziada, nikaliacha, na kwa kuliacha nikaandika jambo ambalo makala yenyewe inalikanusha. Tangu siku hiyo naisoma kila aya ya mwisho pamoja na sehemu ya kiini inayoielekea, kidole kimoja huku na kingine kule, nikitafuta maneno kama “zaidi ya”, “isipokuwa”, “mpaka”. Hayo ndiyo yanayodondoka kwanza mtu anapojumlisha, na yakidondoka, ushauri wa tahadhari unageuka kuwa ahadi.

“Na jingine,” akaendelea, “usiseme leo usiku. Chumvi ya jikoni usiku inavuta unyevu wa hewani. Itaganda yenyewe hata mahindi yakiwa makavu, na mtu atayarudisha juani bure. Apime mchana, na chumvi aianike kwanza.”

Hilo nisingelijua hata ningekaa na rasimu mwezi mzima. Nilichagua usiku kwa sababu nilimwaza msomaji akiwa amemaliza kazi zake na gazeti mkononi. Niliwaza starehe ya msomaji, yeye akawaza chumvi. Tukakubaliana tuongeze maelezo ya kuianika chumvi katika kiini, karibu na kipimo, na tukaiandika aya ya mwisho upya tukiwa kwenye simu, yeye akisema, mimi nikiandika. Ilichapishwa hivi:

“Mfuko usiopitisha hewa unaua wadudu, lakini haukaushi mahindi. Kabla hujatoa fedha ya mfuko, kesho mchana jua likiwa kali pima mahindi yako kwa chumvi uliyoianika. Ikiganda kwenye chupa, yabaki juani. Isipoganda, usifunge bado: mpelekee bwana shamba wa kata yako kopo moja ayapime kwa mashine.”