Simu za kukunja: Mchanga wa pwani ni hatari kuliko mstari wa katikati

Na Mwandishi Wetu, Kilwa Masoko

MNUNUZI anayeshika simu ya kukunja kwa mara ya kwanza dukani huona kitu kimoja kabla ya vingine vyote, nacho ni ule mstari unaopita katikati ya kioo cha ndani. Huupapasa kwa kidole, huinamisha simu kwenye mwanga, kisha huuliza kama kioo hakitapasuka hapo. Kwa mfanyabiashara wa Kilwa au Lindi, anayefanya kazi kati ya maji ya chumvi na mchanga, hilo si swali la kwanza la kuuliza.

Mstari huo hauwezi kuepukwa. Kioo cha ndani cha simu nyingi za aina hii ni bilauri nyembamba mno, kiasi cha sehemu 3 za mia za milimita, nayo imefunikwa kwa utando wa plastiki. Simu ikifungwa tabaka hizo hujipinda, na baada ya muda hubaki na alama, kama karatasi iliyokunjwa. Kina cha alama kinategemea bawaba. Zile zinazoacha nafasi ndani ili kioo kijipinde kwa umbo la tone la maji hufanya mkunjo uwe mpana, na mstari huonekana kidogo. Kioo kikiwaka kwa rangi nyeupe, macho huuzoea baada ya siku chache. Katika jua la mchana huko sokoni utaonekana, lakini kuonekana peke yake si dalili ya ubovu.

Bawaba nayo huogopewa kwa sababu isiyo sahihi. Watengenezaji hutangaza idadi ya mara ambazo simu imekunjwa na mashine, na kwa miaka kadhaa idadi iliyozoeleka ilikuwa 200,000. Mtu anayefungua simu yake mara 100 kwa siku atafikia idadi hiyo baada ya siku 2,000, yaani zaidi ya miaka mitano. Kwa Galaxy Z Fold7 ya mwaka 2025, Samsung ilitangaza mara 500,000 kwa kioo chake. Ni wachache watakaokaa na simu moja kwa muda huo.

Tatizo ni kwamba mashine hiyo hukunja simu ndani ya chumba kisafi. Bawaba ina vyuma vinavyoteleza, na penye kuteleza hapana budi pawe na upenyo. Punje ya mchanga ikiingia humo hufika chini ya kioo, na simu inapofungwa punje hiyo hukisukuma kutoka nyuma. Kinachofuata ni doa jeusi, mstari wa rangi usiofutika, au nusu ya kioo kuzimika.

Hili si jambo la kubuni. Mwezi Aprili 2019, Samsung iliahirisha kuuza Galaxy Fold ya kwanza baada ya simu kadhaa walizopewa waandishi kuharibika kioo. Baadhi zilikuwa zimebanduliwa utando wa juu, uliodhaniwa kuwa karatasi ya kinga, na nyingine zilikutwa na takataka chini ya kioo. Zilirudi sokoni Septemba mwaka huo zikiwa na vifuniko kwenye ncha za bawaba, na Galaxy Z Flip ya mwaka 2020 ikaongezewa nyuzi kama za brashi ndani ya bawaba ili kuzuia vumbi.

Hapo ndipo alama iliyoandikwa kwenye boksi inapokuwa na thamani kuliko maneno ya muuzaji. Alama hiyo huanza na herufi IP, kisha tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Simu za Samsung za kukunja za mwaka 2021 zilikuwa na IPX8: maji yamepimwa, lakini X ina maana kwamba kwa upande wa vumbi hakuna kiwango kilichotolewa. Zile za mwaka 2024 zilipata IP48. Wengi hudhani 4 ni nusu ya ulinzi kamili. Kumbe maana yake ni kwamba kitu chenye ukubwa wa milimita 1 au zaidi hakitaingia. Mchanga laini wa ufukweni una punje za robo ya milimita na hata chini ya hapo, kwa hiyo alama hiyo haiahidi chochote kuhusu mchanga wa Kilwa Masoko. Ulinzi kamili wa vumbi ni tarakimu 6. Miongoni mwa simu za kukunja, Google ndiyo iliyotangulia kutangaza IP68, kwa Pixel 10 Pro Fold mwaka 2025.

Tarakimu 8 nayo ina mpaka wake. Kipimo hufanywa kwa maji baridi, si ya bahari. Chumvi hula vyuma, na ikikauka huwa punje. Simu iliyorushiwa maji ya bahari ifutwe kwa kitambaa kilicholowanishwa maji baridi, kisha iachwe ikauke. Isipulizwe kwa pampu, kwani hewa husukuma takataka ndani.

Tufanye hesabu ya mnunuzi wa pweza anayevuka mara kwa mara kwenda Songo Songo. Tuseme simu ya kukunja ni shilingi 2,400,000, ataitumia miaka mitatu na kuiuza kwa 400,000. Gharama yake ni karibu 55,600 kwa mwezi. Kioo cha ndani kikiharibika mara moja nje ya dhamana, na matengenezo yakawa 900,000, gharama inapanda hadi 80,600. Simu ya kawaida ya 1,200,000, ikauzwa baadaye kwa 300,000, ni 25,000 kwa mwezi. Hata ikibadilishwa kioo kwa 300,000 haizidi 33,400. Tofauti ya shilingi 30,000 hadi 47,000 kila mwezi ndiyo bei ya kioo kikubwa. Karani wa ghala la ufuta anayesoma hesabu ndefu ofisini anaweza kuirudisha. Mtu wa mashua, kwa maoni yetu, hataweza.

Anayeshikilia nia yake afikirie umbo. Ile inayofunguka kama kitabu ina kioo kamili kwa nje, hivyo akiwa chomboni anaweza kupiga simu na kutuma fedha bila kuifungua. Ile ndogo inayokunjwa kama pochi huingia mfukoni vizuri, lakini nyingi hulazimika kufunguliwa kwa kazi nyingi, na kila kufungua ni nafasi kwa mchanga.

Kwa iliyotumika, kama zile zinazoletwa kutoka Dubai, uangalizi uwe mkali. Ifungue polepole karibu na sikio; sauti ya kusaga ni mchanga. Iweke mezani ikiwa imefunguka nusu, na ikianguka yenyewe bawaba imelegea. Hakikisha inanyooka kabisa. Izime na uitazame kwa pembeni: utando uliovimba au kuinuka kwenye mstari unahitaji fundi, na usiubandue mwenyewe. Uliza pia kama imewahi kufunguliwa, kwa sababu gundi ya kuzuia maji isiporudishwa vizuri, alama ya IP haina maana tena.

La mwisho ni fundi aliyeidhinishwa yuko wapi. Kama jibu ni Dar es Salaam, ongeza kwenye hesabu safari ya kilomita zipatazo 300 kutoka Kilwa Masoko, kwenda na kurudi, pamoja na siku ambazo biashara itakaa bila simu.